Mwalimu mkuu naomba maoni: barua kwa wazazi kuhusu kazi za nyumbani na mahudhurio

#1 Mkuu_wa_Shule_Muheza

Wanajukwaa, habari za kazi. Ninaongoza shule ya msingi ya serikali katika Wilaya ya Muheza, mkoani Tanga. Kikao cha walimu kimepitisha utaratibu mpya wa kazi za nyumbani na mahudhurio, Kamati ya Shule imeuridhia, na sasa kazi iliyobaki ni yangu, yaani kuwaandikia wazazi barua watakayopelekewa na watoto siku ya Ijumaa. Ningependa barua iwe na msimamo bila kumfanya mzazi aione kama hati ya kuitwa polisi. Rasimu niliyonayo ni hii:

*YAH: UTARATIBU MPYA WA KAZI ZA NYUMBANI NA MAHUDHURIO*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Uongozi wa shule umesikitishwa na tabia ya baadhi ya wazazi kutofuatilia maendeleo ya watoto wao. Kuanzia tarehe 1 ya mwezi ujao kila mwanafunzi atapewa kazi ya nyumbani kila siku katika kila somo, na mzazi atatakiwa kuisimamia na kuisaini. Mwanafunzi ambaye hakufanya kazi hiyo hatapokelewa darasani mpaka aje na mzazi wake. Mahudhurio ya kila mwanafunzi yasipungue asilimia 90. Mzazi ambaye mtoto wake atakuwa mtoro atachukuliwa hatua kali za kisheria. Tunaomba ushirikiano wenu.*

Mnisaidie kwa kujua pia mazingira yetu. Alhamisi ni siku ya gulio, na siku hiyo viti vingi hubaki wazi kuanzia Darasa la Nne kwenda juu, kwa kuwa watoto huenda kubeba mizigo au kubaki nyumbani na wadogo zao wakati mama yuko sokoni. Msimu wa machungwa nao una utoro wake, maana mtoto anayechuma na kupakia hurudi na pesa mfukoni jioni ile ile.

#2 Msema_Kweli_Handeni

Mkuu, barua hii bado ni laini. Wazazi wetu hawaelewi mpaka waguswe mfukoni. Ongeza faini ya shilingi 50,000 kwa kila wiki ya utoro, ilipwe kwa mtendaji wa kijiji, na ueleze wazi kwamba mtoto asiyefanya kazi ya nyumbani atachapwa viboko vinne, ambavyo kanuni zinaviruhusu. Ukitaka kubembeleza, utabembeleza hadi siku ya kustaafu.

#3 Mstaafu_wa_Rejesta

Nimefanya kazi ya ukaguzi na baadaye ya elimu kata kwa muda mrefu, na barua za namna hii nimezisoma nyingi sana. Mheshimiwa mwalimu mkuu, msimamo unaoutafuta unaharibiwa na sentensi mbili, na zote mbili ni zile unazoziona kuwa ndizo kali.

Ya kwanza ni ile ya kutompokea mtoto darasani mpaka aje na mzazi. Barua inayolalamikia utoro haiwezi yenyewe kumtoa mtoto darasani. Mama anayeuza samaki gulioni hawezi kuja Alhamisi, Ijumaa anapumzika, Jumamosi hakuna shule, na hapo tayari mtoto amepoteza siku mbili kwa sababu ya maswali matano ya hesabu. Watoto nao wana akili. Asiyetaka kwenda shule atagundua mara moja kwamba kutofanya kazi ya nyumbani ni ruhusa ya kubaki nje. Rejesta itakuonyesha jambo hilo ndani ya mwezi mmoja, kwa maana majina ya waliokosa kazi ya Jumatano yatakuwa ndiyo majina ya wasiokuwepo Alhamisi.

Ya pili ni “hatua kali za kisheria.” Sheria ya Elimu, Sura ya 353, kifungu cha 35, inamtaka mzazi ahakikishe mtoto aliyeandikishwa shule ya msingi anahudhuria mfululizo mpaka amalize. Huo ndio msingi wako, nao ni imara. Lakini mwalimu mkuu hamtozi mtu faini wala hamfungulii mtu kesi. Anaandika taarifa, taarifa inakwenda kwa mtendaji na kwa Afisa Elimu Kata, na mambo ya mahakamani yana wenyewe. Mzazi anayajua haya kuliko unavyodhani, kwa kuwa amewahi kutishiwa na hakuona kilichofuata. Andika hatua ambazo wewe mwenyewe una uwezo wa kuzichukua, na uandike zitachukuliwa siku ya ngapi.

Halafu kuna hiyo asilimia 90. Mwaka wetu wa masomo una siku 194. Asilimia 90 maana yake ni kwamba mtoto anaweza kukosa siku 19 na bado akawa ndani ya lengo, na siku 19 ni karibu wiki nne za masomo. Mzazi akisoma “asilimia 90” anaona ni alama nzuri, kama mtihani. Mwandikie siku. Mtoto anayekosa kila Alhamisi, siku moja tu kwa wiki, anafikisha takriban siku 39 kwa mwaka, na hizo ni karibu wiki nane. Hakuna mzazi atakayekubali umchukulie mtoto wake wiki nane mfululizo, ila moja moja zinapita bila kuonekana.

#4 Mama_Genge

Mimi si mwalimu, ni mzazi mwenye watoto watatu shuleni, na nimekuja kwa sababu barua kama hiyo niliwahi kuletewa. Sentensi ya kwanza ilisema uongozi umesikitishwa na wazazi. Niliikunja pale pale. Yule mzazi asiyefuatilia hakuisoma, na sisi tunaofuatilia ndio tuliotukanwa.

Nina mtoto mwenye selimundu. Mwezi ukiwa mbaya anakosa siku sita au saba, na kila mara natakiwa kupeleka barua kutoka zahanati. Kwenda kuifuata hiyo barua ni nauli, foleni, na mtoto mwingine anayebaki peke yake nyumbani. Sasa naomba kuuliza, siku zake zinahesabiwa kuwa utoro? Na kuhusu kusaini kazi ya kila somo kila siku, mimi nafunga genge saa mbili usiku. Mama yangu ndiye anayekaa nao, naye hajui kusoma. Atasaini nini?

#5 Baba_wa_Wawili

Kwa hiyo ni yale yale ya tuisheni. Mnaanza na kazi za nyumbani, baadaye mnasema mtoto haelewi, abaki jioni alipie. Elimumsingi bila ada ilianza mwaka 2016, na mpaka leo walimu wanatafuta mlango wa nyuma. Mimi sitoi shilingi.

#6 Mkuu_wa_Shule_Muheza

Ndugu Baba_wa_Wawili, hakuna fedha yoyote katika utaratibu huu, wala hakuna masomo ya jioni. Hata hivyo nakushukuru, kwa kuwa kama wewe umesoma hivyo, kuna wazazi wangu watakaosoma hivyo hivyo. Nitaliandika wazi ndani ya barua.

Mama_Genge, siku za ugonjwa zina nafasi yake katika rejesta na si utoro. Suala la karatasi ya zahanati nitalitazama upya.

#7 Ticha_wa_Hisabati

Mimi nafundisha Darasa la Tano mkoani Morogoro, nina wanafunzi 68. Kabla ya kumwambia mzazi chochote, kaa na walimu wako mpige hesabu ya usahihishaji. Daftari moja likichukua dakika mbili, madaftari 68 ni dakika 136, yaani zaidi ya saa mbili kwa somo moja. Kazi ya kila siku katika kila somo haitasahihishwa. Itasahihishwa wiki ya kwanza, wiki ya pili mwalimu ataweka alama ya vema bila kusoma, na wiki ya tatu watoto watakuwa wamejua. Kazi isiyosahihishwa inamfundisha mtoto kunakili kwa jirani asubuhi kabla ya kengele. Utaitambua kwa makosa, kwa sababu utakuta madaftari kumi yenye jibu moja lisilo sahihi, na kosa ni lile lile hadi kwenye hatua ya pili.

Sisi tulishuka hadi maswali matano ya hesabu, mara mbili kwa wiki. Asubuhi watoto wanabadilishana madaftari na tunasahihisha pamoja ubaoni kwa dakika kumi, kisha mimi nachukua madaftari ya mstari mmoja tu wa madawati nikayasome kwa makini. Kila mstari unafikiwa, na hakuna anayejua leo ni zamu ya nani.

Kuhusu urefu wa kazi, wapo walimu wanaofuata kipimo cha Marekani cha dakika kumi kwa kila darasa, kwamba Darasa la Nne ni dakika 40. Harris Cooper wa Chuo Kikuu cha Duke, ambaye mwaka 2006 yeye na wenzake walikusanya tafiti nyingi za suala hili, alikuta uhusiano kati ya kazi za nyumbani na ufaulu ni dhaifu kwa watoto wa shule ya msingi kuliko kwa wale wa sekondari. Mimi nisingetumia kipimo hicho kama kilivyo, maana kinamdhani mtoto mwenye taa na meza. Darasa la Kwanza na la Pili wapewe kusoma kwa sauti tu, basi.

#8 Msema_Kweli_Handeni

Hizo tafiti za Duke hazijui mtoto wa Handeni. Nimeuliza kuhusu viboko na hakuna aliyenijibu. Kanuni zipo au hazipo?

#9 Mstaafu_wa_Rejesta

Zipo, ndugu yangu, na umeisoma nusu. Kanuni za mwaka 2002 zinataja idadi isiyozidi vinne, lakini ni kwa makosa makubwa ya nidhamu, kwa mkono wa mwalimu mkuu au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, na tukio linaandikwa kwenye kitabu. Kutofanya maswali matano si kosa kubwa la nidhamu. Ukiandika viboko kwenye barua ya kazi za nyumbani umejiwekea ushahidi dhidi yako mwenyewe. Faini nayo, kama halmashauri ina sheria ndogo inayoiweka, ni ya kwao kuisimamia. Shule isiingize mkono wake katika fedha za namna hiyo hata siku moja, kwa kuwa siku inayofuata utaambiwa mwalimu anawinda watoro ili ale.

Mwalimu mkuu, nakuongezea moja. Toa mfano wa kile kinachopotea, kwa somo, si kwa maneno kama “maendeleo” na “mustakabali.” Ticha wa Hisabati atakusaidia.

#10 Ticha_wa_Hisabati

Mfano upo. Kujumlisha sehemu zenye asili tofauti kunanichukua karibu wiki mbili. Siku ya kwanza tunatafuta asili ya pamoja, siku ya pili tunabadilisha kiasi, siku ya tatu ndipo tunajumlisha. Mtoto aliyekosa siku ya kubadilisha kiasi atakuja Ijumaa aandike kwamba nusu ukijumlisha na theluthi moja unapata mbili ya tano, kwa maana amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Atafanya hivyo kwenye kazi zote zitakazofuata, na ukiangalia rejesta utaikuta siku yenyewe. Mzazi asiyejua sehemu bado ataelewa kwamba somo lina hatua tatu na mtoto wake ameruka ya pili.

#11 Mkuu_wa_Shule_Muheza

Nimekaa na mwalimu wa taaluma na mwenyekiti wa Kamati, tumeiandika upya. Naiweka yote hapa.

*YAH: KAZI ZA NYUMBANI NA MAHUDHURIO KUANZIA TAREHE 1 MWEZI UJAO*

*Ndugu Mzazi au Mlezi,*

*Nakusalimu, na nakushukuru kwa kumleta mtoto wako katika shule hii. Nakuandikia kukueleza mambo mawili ambayo walimu na Kamati ya Shule tumekubaliana, na kukueleza sehemu yako na sehemu yetu katika kila jambo. Utaratibu huu hauna malipo yoyote, wala hauhusiani na masomo ya ziada.*

*Kuhusu kazi za nyumbani, wanafunzi wa Darasa la Kwanza na la Pili watasoma kwa sauti kwa dakika 15 mbele ya mtu yeyote wa nyumbani, hata kama mtu huyo hajui kusoma, kwa kuwa kazi yake ni kusikiliza. Darasa la Tatu na la Nne watakuwa na kazi fupi mara tatu kwa wiki, na Darasa la Tano hadi la Saba mara nne, yenye maswali yasiyozidi matano. Hatukuombi umfundishe mtoto. Tunakuomba umpe muda na mahali pa kukaa kabla giza halijaingia, au karibu na taa, na umwombe akuonyeshe daftari. Mwalimu atasahihisha kila kazi aliyoitoa, na ukikuta kazi ambayo haijasahihishwa kwa wiki nzima, una haki ya kuja kuniuliza. Mtoto ambaye hakufanya kazi ataifanya shuleni wakati wa mapumziko ya mchana. Hatarudishwa nyumbani na hatachapwa kwa sababu hiyo.*

*Kuhusu mahudhurio, rejesta inaitwa saa 2:00 asubuhi. Anayechelewa aje hata hivyo, ataandikwa amechelewa na ataingia darasani. Mwaka wa masomo una siku 194. Mtoto anayekosa siku moja tu kila wiki hupoteza karibu siku 39, ambazo ni wiki nane za masomo. Siku ya gulio ni siku ya shule kama nyingine. Wiki iliyopita Darasa la Tano walijifunza kujumlisha sehemu kwa hatua tatu, na hatua ya pili ilifundishwa Alhamisi. Waliokosa Alhamisi walikuja Ijumaa wakiwa hawana cha kushika.*

*Mtoto akiugua au kukiwa na msiba, tuarifu siku hiyo hiyo kwa simu, kwa ujumbe, au kwa kumtuma ndugu yake. Kwa ugonjwa wa zaidi ya siku tatu tutaomba kuona kadi ya kliniki au karatasi ya zahanati mtoto atakaporudi. Mwenye ugonjwa wa muda mrefu aje tuzungumze mara moja, na hatutamdai karatasi kila mara.*

*Mtoto akikosa siku tatu mfululizo bila taarifa, mwalimu wa darasa atakutafuta. Zikifika siku tano, nitakuita ofisini tuzungumze. Zikifika siku kumi, nitapeleka taarifa kwa maandishi kwa mtendaji wa kijiji na Afisa Elimu Kata, kwa kuwa Sheria ya Elimu inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria, nami natakiwa kutoa taarifa. Hatua hizi zitafuatwa kwa kila mtoto bila kumwangalia mzazi wake ni nani. Ningefurahi kama zingeishia kwenye ile ya kwanza.*

*Mwalimu Mkuu*

*Nakala: Mwenyekiti wa Kamati ya Shule, Afisa Elimu Kata*

#12 Mama_Genge

Hii nimeisoma mpaka mwisho. Mama yangu amefurahi kusikia kwamba anaweza kusikiliza. Ila wakati wa mapumziko ya mchana ndipo watoto wanapokula uji. Asiyefanya kazi asije akakosa uji, maana atakuwa amekosa vyote viwili.

#13 Baba_wa_Wawili

Sawa, hapo pa malipo nimeona. Nabaki na swali kuhusu machungwa. Siku tatu mfululizo mtoto hakosi. Anakosa Jumatatu, anakuja Jumanne, anakosa Jumatano. Hatua zako hazimgusi huyo, na kwetu ndio wengi.

#14 Mstaafu_wa_Rejesta

Ndugu huyu amegusa penyewe. Utoro wa rejareja ndio unaokwepa neno “mfululizo.” Ongeza “au siku tano katika mwezi mmoja,” na mwalimu wa darasa ajumlishe rejesta kila Ijumaa badala ya mwisho wa mwezi. Ni kazi ya robo saa.

Kuhusu Alhamisi, ningeshauri jaribio fupi la kila wiki lifanyike siku hiyo hiyo. Watoto hawapendi kukosa jaribio.

#15 Ticha_wa_Hisabati

Hapo sikubaliani na mzee wangu, kwa heshima zote. Mtoto anayekwenda gulioni hajiamulii mwenyewe, ametumwa. Jaribio la Alhamisi litampa sifuri kwa uamuzi wa mtu mwingine, na sifuri nyingi ndizo zinazomfanya aache kabisa. Mimi ningeanza na uji. Kama mahindi ya wazazi hayatoshi siku zote tano, Alhamisi isiwe siku ya kukosa uji. Shuleni kwetu ilipokuwa Ijumaa haina uji, Ijumaa ndiyo iliyokuwa tupu.

#16 Mstaafu_wa_Rejesta

Uji utamleta mwenye njaa. Aliyeachwa na mdogo wake mgongoni hatakuja kwa sababu ya uji.

#17 Mkuu_wa_Shule_Muheza

Nimeongeza “au siku tano katika mwezi mmoja,” na nimeandika kwamba kazi itafanywa baada ya uji. Kuhusu Alhamisi sitaweka jaribio wala ahadi ya uji ndani ya barua kabla Kamati haijakaa na kuhesabu magunia ya mahindi yaliyopo. Wenyeviti wa vitongoji wamekubali barua isomwe kwa sauti kwenye mikutano yao kwa ajili ya wasiosoma. Kama kuna aliyewahi kumruhusu mwanafunzi aje na mdogo wake siku ya gulio, na kumweka kwenye darasa la awali, anieleze ilikuwaje na mwalimu wa awali alisemaje, maana wangu nimemgusia tu na uso umebadilika.